Kati ya Ngapi? Vidokezo 9 vya Kugeuza Alama za Mtihani Kuwa Asilimia na Kuzirudisha

Matokeo ya moko yametoka. Mwanao anayesoma Katoro amerudi na karatasi yake: Hisabati 38. Mpwa wako wa Kahama, aliyefanya mtihani mwingine kabisa, ameandikiwa 72. Dada yako ameshapiga simu anashangilia, na wewe umeshaanza kupanga maneno makali ya kumpa kijana wako. Tulia kwanza. Ile 38 ni kati ya 50, na ile 72 ni kati ya 100. Kijana wako ana asilimia 76! Mpongeze dada, halafu mtajie hiyo 76 taratibu, kwa heshima zote.

Ukijua njia, hesabu za namna hii unazimaliza kichwani kabla chai haijapoa. Twende.

1. Alama bila asili ni nusu ya habari

Kila alama ya mtihani ni sehemu. Namba ya juu, yaani kiasi, ni alama alizopata mtoto. Namba ya chini, yaani asili, ni alama zote zilizokuwa mezani. Mtoto akija na ya juu tu, usifurahi wala usikasirike. Muulize ya chini.

Tazama asili inavyoweza kutuchezea. Katika mtihani wa kumaliza darasa la saba wa Baraza la Mitihani, kila somo lina alama 50. Gredi A inaanzia 41, B inaanzia 31, C inaanzia 21, D inaanzia 11, na chini ya hapo ni E. Kidato cha nne kinapimwa kwa 100: A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya 30 ni F. Kwa hiyo 41 ya darasa la saba ni A, maana ni asilimia 82. Ukimwona kaka yake wa kidato cha nne naye ana 41, hiyo ni D. Namba ni ileile, lakini mmoja anastahili soda na mwingine anastahili kikao.

2. Asili rafiki: 10, 20, 25 na 50

Asilimia ni sehemu ambayo asili yake ni 100, basi. Kazi yako ni kuifikisha asili kwenye mia, na chochote unachoifanyia namba ya chini uifanyie na ya juu. Asili 50 inafika mia ukiizidisha kwa 2, kwa hiyo 38 kati ya 50 inakuwa 76 kati ya 100. Asili 25 zidisha kwa 4: mtoto mwenye 19 kati ya 25 naye ana 76. Asili 20 zidisha kwa 5, na 17 kati ya 20 inakupa 85. Asili 10, hata sikuelezi.

Majaribio mengi ya wiki yanaangukia humo humo. Simu yenye kikokotoo iache mfukoni ipumzike.

3. Asili kaidi: rahisisha, au panda kwa kumi kumi

Sasa mwalimu anatoa jaribio la alama 60, na 60 haiingii kwenye mia sawasawa. Hapa kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kurahisisha. Mtoto amepata 42 kati ya 60. Zote mbili zinagawanyika kwa 3, unabaki na 14 kati ya 20, na 20 tumeshaizoea: mara 5, asilimia 70. Hata sonara anapokwambia kipande ni karati 18, anakupa sehemu ya namna hiyo, maana dhahabu tupu ni karati 24. Ukirahisisha 18 kati ya 24 kwa kugawa kwa 6 unapata robo tatu, yaani asilimia 75. Nani alisema Geita watu hawajui sehemu?

Ya pili ninaipenda zaidi, kwa sababu inafanya kazi hata asili ikiwa ya ajabu. Tafuta kwanza asilimia 10, yaani gawanya asili kwa 10, halafu panda ngazi. Jaribio ni la alama 45 na mtoto ana 33. Asilimia 10 ya 45 ni 4.5. Mara saba ni 31.5, kwa hiyo tumeshafika asilimia 70. Kutoka 31.5 hadi 33 imebaki 1.5, ambayo ni theluthi ya 4.5, na theluthi ya asilimia 10 ni kama 3.3. Jibu ni asilimia 73.3. Ukikosa muda wa hiyo hatua ya mwisho, sema "sabini na kidogo" uendelee na shughuli zako.

Na asili 40? Iongeze maradufu alama, halafu ongeza nusu ya alama. Kwa 27: 54 na 13.5, jumla 67.5. Imekwisha.

4. Jumla ya 300? Gawa kwa tatu

Darasa la saba lina masomo sita, kila moja alama 50, kwa hiyo jumla ni 300. Na 300 ni mia tatu! Gawa jumla kwa 3, una asilimia.

Tuseme binti wa Nyarugusu ana karatasi hii ya moko: Kiswahili 44, Kiingereza 27, Hisabati 23, Sayansi na Teknolojia 35, Maarifa ya Jamii 39, Uraia na Maadili 41. Jumla ni 209. Gawa kwa 3 unapata 69.67, hivyo ni karibu asilimia 70. Kwenye jumla ya 300 gredi B inaanzia 181 na A inaanzia 241, kwa hiyo binti ana B iliyokaa vizuri.

Lakini usiishie hapo, maana jumla inaficha mambo. Zidisha kila somo kwa 2: Kiswahili 88, Uraia 82, Maarifa 78, Sayansi 70, Kiingereza 54, Hisabati 46. Sasa unaona vizuri pa kuelekeza nguvu za jioni. Hisabati yake iko chini ya nusu, ingawa jumla imependeza. Ukitaka kuhakiki kazi yako, jumlisha hizo asilimia sita na ugawe kwa 6. Utapata 69.67 ileile. Zimekubaliana kwa sababu masomo yote yana asili moja. Likumbuke hilo hadi kidokezo cha 6.

5. Kukosa maswali tisa si lazima kuwe kukosa alama tisa

Hapa ndipo wazazi wengi wanapogombana na watoto bure. Chukua karatasi ya mazoezi yenye maswali 45: maswali 40 ya kuchagua yenye alama moja moja, na maswali 5 ya kuandika majibu yenye alama mbili mbili. Alama zote ni 40 na 10, jumla 50.

Watoto wawili wa mtaa mmoja wamerudi nyumbani. Kila mmoja anasema, "Nimepata maswali 36." Mzazi anapiga hesabu: 36 kati ya 45, gawa zote kwa 9, ni 4 kati ya 5, asilimia 80 kwa wote wawili. Hesabu imenyooka, ila haihusiani na alama zao.

Wa kwanza alipata maswali 34 ya kuchagua na 2 ya kuandika. Alama zake ni 34 na 4, yaani 38 kati ya 50, asilimia 76. Wa pili alipata 31 ya kuchagua, lakini yale matano ya kuandika aliyamaliza yote. Alama zake ni 31 na 10, yaani 41 kati ya 50, asilimia 82. Maswali yaliyopatikana ni idadi moja, lakini mmoja ana B na mwenzake amevuka mstari wa A.

Jumlisha alama zilizoandikwa pembeni ya maswali. Usihesabu alama za vyema. Na kama mwanao anapenda kuruka maswali ya mwisho "kwa sababu ni matano tu", mwoneshe kwamba hayo matano ni alama 10 kati ya 50, sawa na asilimia 20 ya mtihani mzima. Ataanza kuyaheshimu.

6. Usichanganye asilimia za karatasi za ukubwa tofauti

Kijana wa Kishapu amefanya majaribio mawili ya Jiografia. La kwanza amepata 18 kati ya 20, asilimia 90. La pili amepata 30 kati ya 60, asilimia 50. Wastani wake ni upi?

Wengi watasema 70, kwa kuwa 90 na 50 zikijumlishwa ni 140, nusu yake 70. Jaribu njia nyingine: alama zote alizopata ni 48, na zilizokuwepo ni 80. Hiyo 48 kati ya 80 ni 12 kati ya 20, asilimia 60. Pengo la 10 limetoka wapi? Limetokea kwa sababu jaribio kubwa, alilofanya vibaya, limebeba alama mara tatu ya lile dogo, na ulipochukua wastani wa asilimia uliyahesabu kama yanalingana.

Majibu yote mawili yanaweza kuwa halali, na hilo ndilo la kumuuliza mwalimu. Kama shule inahesabu kila jaribio kwa uzito sawa, ni 70. Kama inajumlisha alama, ni 60. Kisichofaa ni mtoto kuchagua mwenyewe ile inayompendeza, na atachagua 70, wala usiwe na shaka!

7. Kurudi nyumbani: kutoka asilimia hadi alama

Mwanao wa kidato cha tatu anataka B. Mwambie "asilimia 65" atatikisa kichwa tu. Mwambie "alama 39 kati ya 60" atajua cha kufanya. Kwa hiyo tujifunze kurudi.

Watu wa machimboni wanafanya hesabu hii kila wanapogawana viroba. Tuseme vimetoka duarani viroba 60, na makubaliano ni mwenye eneo achukue asilimia 30. Hakuna anayetafuta karatasi: asilimia 10 ya 60 ni viroba 6, mara tatu ni 18, tubebe. Mtihani ni vilevile. C inaanzia asilimia 45. Kwenye jaribio la alama 60, asilimia 10 ni 6, asilimia 40 ni 24, asilimia 5 ni nusu ya 6, yaani 3. Jumla 27. Mtoto akipata 27 amegusa C.

Ukitaka kuiandika kama sehemu ya shuleni, weka asilimia juu ya 100 kisha rahisisha. Asilimia 45 ni 45 kati ya 100, gawa kwa 5, unabaki na 9 kati ya 20. Asilimia 65 ni 13 kati ya 20. Asilimia 75, mlango wa A ya kidato cha nne, ni robo tatu kamili, kwa hiyo kwenye jaribio la 40 mtoto anahitaji 30, na kwenye la 80 anahitaji 60.

Kuna mtego mmoja. Jaribio ni la alama 70 na unatafuta asilimia 65. Asilimia 10 ni 7, asilimia 60 ni 42, asilimia 5 ni 3.5, jumla 45.5. Mwalimu hatoi nusu alama, sasa lengo ni 45 au 46? Unapotafuta mlango wa gredi, panda juu daima. Mwenye 45 kati ya 70 ana asilimia 64.3, bado yuko C. Mwenye 46 ana asilimia 65.7, ameingia B.

8. Kagua mkia wa asilimia

Hiki ni kidokezo changu kipenzi, maana kinakufanya uonekane mganga. Kama alama ni kamili, bila nusu nusu, karatasi ya alama 20 haiwezi kutoa asilimia 83. Kila alama moja pale ina thamani ya asilimia 5, kwa hiyo jibu lazima liishie na 0 au 5. Karatasi ya 25 inapanda kwa nne nne: 72, 76, 80. Karatasi ya 50 inapanda kwa mbili mbili, hivyo asilimia zake ni namba shufwa tu. Ukiona ripoti inasema somo la alama 50 limetoa asilimia 77, ama kulikuwa na nusu alama, ama kuna mtu amekosea kuandika. Nenda kaulize kwa upole.

Asili ikiwa kubwa mambo yanageuka. Kwenye jumla ya 300, kila asilimia moja ina alama tatu ndani yake. Yule binti wetu wa Nyarugusu ana 209, asilimia 69.67. Mwenye 210 ana 70 kamili. Mwenye 211 ana 70.33. Shule ikikadiria kwa namba nzima, wote watatu wataandikiwa 70. Sasa jaribu kurudi nyuma: asilimia 70 ya 300 ni 210, na binti wa watu ameongezewa alama ambayo hakuipata! Ndiyo maana ukitaka kupanga nani wa kwanza na nani wa pili darasani, tumia alama zenyewe. Asilimia iliyokadiriwa haiwezi kukurudishia kilichokatwa.

9. "Amepanda kwa asilimia": ya aina gani?

Muhula uliopita mtoto alipata 20 kati ya 50, safari hii 25. Mama anasema amepanda kwa 10, kwa sababu ametoka asilimia 40 hadi 50. Baba anasema amepanda kwa 25, kwa sababu alama tano alizoongeza ni robo ya zile 20 alizokuwa nazo. Msiamshe majirani, wote mko sahihi. Mama amepima pengo kati ya asilimia mbili, na hilo liite pointi 10 za asilimia. Baba amelinganisha ongezeko na pale mtoto alipoanzia.

Ujanja wa baba unapendeza sana pale mwanzo ulipokuwa mdogo. Shule iliyofaulisha watoto 20 kati ya 100, kisha 30 kati ya 100, inaweza kusimama kwenye kikao cha wazazi na kutangaza kwamba ufaulu umepanda kwa asilimia 50. Si uongo, lakini watoto 70 bado hawajafaulu. Baraza la Mitihani lilipotangaza kwamba ufaulu wa darasa la saba ulitoka asilimia 79.62 mwaka 2022 hadi 80.58 mwaka 2023, tofauti iliyotajwa ilikuwa 0.96, nayo ni hesabu ya mama: pointi. Kwa hesabu ya baba ingekuwa 0.96 ikigawanywa kwa 79.62, karibu asilimia 1.2. Kwa hiyo kwenye kikao omba namba mbili, ya mwanzo na ya mwisho, ufanye mwenyewe.

Na kama mtoto aliyepanda kutoka 20 hadi 25 atateleza muhula ujao arudi kwenye 20, baba asiseme ameshuka kwa asilimia 25. Sasa pa kuanzia ni 25, na alama tano kati ya 25 ni asilimia 20. Alipanda kwa 25, akashuka kwa 20, na yuko palepale alipokuwa.